`It` na `they` kwenye meseji ya Kiingereza: namna ya kujua kinachosemwa ni kipi kabla hujachukua hatua

Meseji yenyewe ina mistari miwili. Imetoka kwa mnunuzi wa singa za mkonge aliye nje ya nchi, ambaye mkaguzi wake alipita jana kwenye ghala moja karibu na bandari ya Tanga. Imeingia kwenye simu ya karani Jumatano asubuhi:

```
We checked the bales against the tags and they are wrong.
Please replace them before Friday.
```

Kiingereza chake ni chepesi, hakuna neno la kutafuta kwenye kamusi. `Bales` ni marobota, `tags` ni lebo zinazofungwa kwenye kila robota kuonyesha daraja, namba na uzito. Karani anaisoma mara moja, anatoka nje kumfuata msimamizi wa ghala.

"Shikamoo mzee. Wamejibu. Wanasema marobota yana makosa, yabadilishwe kabla ya Ijumaa."

"Marahaba. Yote?"

"Hawakutaja idadi. Wameandika yabadilishwe."

Mzee anaita vibarua. Robota moja la mkonge lina kilo 250, na humo ghalani yamo 80 ya mzigo huu, yaani tani 20. Kuyapanga upya, kutafuta lori, kuyarudisha shambani upande wa Korogwe na kuleta mengine ni kazi ya kutwa mbili ikienda vizuri. Na huenda mnunuzi alichotaka ni lebo 80 tu zichapishwe upya, kazi ya mchana mmoja.

Kosa halikufanyika ghalani, wala si la mzee. Lilifanyika pale karani alipogeuza `they` kuwa "yana" na `them` kuwa "yabadilishwe". Meseji ya Kiingereza ilikuwa na maana mbili, sentensi ya Kiswahili iliyomfikia mzee ilikuwa na moja. Hata angekuwa na uzoefu wa miaka 30, mzee hakuwa na namna ya kugundua kwamba kulikuwa na maana nyingine, kwa sababu utata ulikuwa umeshafutwa kabla haujamfikia.

Kwa nini jambo hili linatupata sisi kwa namna ya pekee

Kiswahili kina ngeli, na ngeli hufanya kazi kubwa bila sisi kuiona. Ukisema "tumelinganisha marobota na lebo, yana makosa", msikilizaji anajua ni marobota. Ukisema "zina makosa", anajua ni lebo. Herufi mbili za mwanzo wa kitenzi zinamaliza swali. Kiingereza hakina kitu hicho. Kwa vitu visivyo watu kina `it` kwa umoja na `they` au `them` kwa wingi, basi. Lori, sili, hati, kontena, mzigo, kila kimoja kikiwa peke yake huitwa `it`.

Kwa hiyo mtu anayefikiri kwa Kiswahili akisoma `they`, hawezi kuibeba ilivyo. Lugha yake inamdai kiambishi: ya-, zi-, vi- au wa-? Kichwa kinachagua haraka, aghalabu kwa kufuata kitu ambacho msomaji alikuwa anakiwaza tangu kabla ya kufungua meseji. Karani wetu alikuwa na wasiwasi wa daraja la singa tangu mkaguzi alipopita, ndiyo maana alisoma marobota. Mwenzake wa ofisini anayechapa lebo angesoma lebo. Kila mmoja angeapa kwamba meseji iko wazi.

Ugumu huu una upande wake mzuri. Ngeli ileile inayotufanya tuchague bila kujua inaweza kugeuzwa kuwa kipimo, na ni kipimo ambacho msomaji wa Kiingereza peke yake hana. Hatua zinazofuata zinajengwa juu yake.

Hatua ya kwanza: tafuta maneno yenyewe, moja moja

Soma meseji ukitafuta `it`, `its`, `they`, `them`, `their`, na pia `this` na `that` zinaposimama peke yake bila jina la kitu baada yake. Kama umeichapisha, zungushia kila moja kwa kalamu. Kama iko kwenye simu, inakili mahali pa kuandikia. Usiitafsiri bado. Kwenye meseji yetu kuna mawili: `they` kwenye mstari wa kwanza na `them` kwenye wa pili.

Yahesabu kama mawili tofauti. Mara nyingi yanaelekea kitu kimoja, lakini hakuna sheria inayoyalazimisha, na tutaona baadaye kwamba hapa hasa ndipo maana ya tatu ilipojificha.

Hatua ya pili: orodhesha vitu vinavyoweza kuhusika

Kwa kila neno ulilolizungushia, andika majina ya vitu vilivyotajwa kabla yake, kisha futa visivyolingana kwa umoja na wingi. `It` inadai kitu kimoja, `they` inadai vingi. Mara nyingi mchujo huu peke yake unamaliza kazi. Kama mnunuzi angeandika `the bales against the list`, `they` isingeweza kuwa orodha, kwani orodha ni moja.

Hapa kuna mtego mmoja unaohitaji kuangaliwa kwa makini, kwa sababu umoja na wingi wa Kiingereza haufanani na wetu. `Cargo`, `luggage`, `equipment`, `information` na `paperwork` kwa Kiingereza huchukuliwa kama kitu kimoja hata kama ni shehena nzima ya meli, na neno linaloviwakilisha ni `it`. Upande wa pili, `goods` daima ni wingi, huwakilishwa na `they`. Sisi tunasema "mizigo imelowa" na "taarifa zimefika", tukiona wingi pale Mwingereza anapoona umoja. Ukisahau hilo utafuta kitu kilicho sahihi na kubakiza kisicho chenyewe.

Kwenye meseji yetu `bales` ni wingi na `tags` ni wingi. Vyote viwili vinabaki. `We` ni watu wanaoandika, hawawezi kujiita `they`, kwa hiyo wanatoka.

Hatua ya tatu: tafsiri mara mbili, si mara moja

Andika kwa Kiswahili sentensi nzima mara nyingi kadiri ya vitu vilivyobaki, kila mara ukitumia kiambishi cha kitu kimoja:

Tumelinganisha marobota na lebo, yana makosa. Tafadhali yabadilisheni kabla ya Ijumaa.

Tumelinganisha marobota na lebo, zina makosa. Tafadhali zibadilisheni kabla ya Ijumaa.

Ziandike kweli, usizifikirie tu. Akili ikishachagua maana ya kwanza, ya pili huiona ya ajabu mpaka macho yaione imekaa kwenye karatasi. Sasa soma kila moja ukijiuliza jambo moja: mtu mwenye akili timamu anaweza kumwandikia ghala hili sentensi hii leo? Ikiwa moja inachekesha, itupe. Ikiwa zote mbili zinasimama, kama hapa, meseji ni tata kweli, na utata hauko kichwani mwako wala si ishara kwamba Kiingereza chako ni kidogo.

Kipimo hiki kina mpaka. Kinafanya kazi pale vitu viwili vinapokuwa katika ngeli tofauti. Vikiwa ngeli moja, Kiswahili nacho kinakuwa kipofu. "Tumelinganisha lebo na risiti, zina makosa" haisemi ni zipi, kwa sababu lebo na risiti zote ni za i-zi. Hapo andika jina kamili la kitu mahali pa kiambishi: "lebo zina makosa", kisha "risiti zina makosa". Watu nao wako hivyo, kwa kuwa wote ni wa ngeli moja. Mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Terry Winograd, mwaka 1972 alitoa mfano uliokuja kuwa maarufu kwa watu wanaochunguza lugha, unaohusu madiwani walionyima waandamanaji kibali. Uuweke kwa Kiswahili: madiwani waliwanyima waandamanaji kibali kwa sababu waliogopa fujo. Nani waliogopa? Madiwani. Badilisha neno moja: kwa sababu walihimiza fujo. Sasa ni waandamanaji. Kiambishi ni kilekile, wa-, na sarufi haikusaidia chochote. Kilichoamua ni kitenzi pamoja na ujuzi wako wa mambo ya dunia. Hiyo ndiyo hatua inayofuata.

Hatua ya nne: kihoji kitenzi

Kila kitenzi kina vitu kinavyovikubali na visivyovikubali. `Reprint` inakubali lebo, haikubali robota. `Reweigh` inakubali robota, na hakuna mtu anayepima uzito wa lebo. Kama mnunuzi angetumia moja kati ya hivyo, kazi ingeisha. Alitumia `replace`, ambayo inakubali chochote, na `wrong`, ambayo nayo haina mwenyewe: lebo yaweza kuwa na maandishi yasiyo sahihi, na robota laweza kuwa si lile lililoagizwa.

Msomaji wa Kiingereza akikwama namna hii hufuata mazoea, nawe inafaa uyajue, kwa sababu ndiyo yanayoonyesha mwandishi huenda alikuwa anaelekea wapi. La kwanza, `they` na `it` huelekea zaidi kwenye kitu kinachoongoza sentensi kuliko kile kilichoning'inizwa baada ya maneno kama `with`, `on`, `in` na `against`. Kwenye meseji yetu kinachokaguliwa ni `the bales`, na `the tags` zimening'inizwa baada ya `against`. Tena `check A against B` kwa kawaida humaanisha kwamba B ndiyo kipimo na A ndiyo inayopimwa. Kwa mazoea hayo, yenye makosa ni marobota.

La pili, neno huelekea kitu kilichotajwa karibu nalo. Kitu kilicho karibu na `they` ni `the tags`. Kwa zoea hilo, zenye makosa ni lebo. Na ukiongeza kwamba `wrong` huambatana kirahisi zaidi na maandishi kuliko na singa, upande wa lebo unapata nguvu.

Mazoea mawili yanavuta pande mbili. Ikitokea hivyo usijaribu kupima lipi lina nguvu zaidi ili uamue, maana mwandishi naye hakuwa anapima, alikuwa anaandika haraka akijua mwenyewe anachokiwaza. Mazoea haya yanafaa kukuambia utata upo na ni mkubwa kiasi gani. Hayatoshi kuhamisha tani 20.

Hatua ya tano: toka nje ya meseji

Rudi nyuma kwenye meseji tatu au nne zilizotangulia. Kitu kilichokuwa kinazungumzwa jana kina nafasi kubwa ya kuwa ndicho kinachozungumzwa leo. Angalia kama kuna picha imeambatishwa, na picha hiyo imelenga nini: lebo iliyopigwa kwa karibu, au singa zilizofunuliwa? Linganisha wewe mwenyewe. Chukua orodha ya mzigo, chagua marobota matano kutoka sehemu tofauti za rundo, usome lebo na kuangalia singa zilizomo. Kama lebo inasema daraja la 3L na singa ni za daraja la UG, basi kweli kuna kutolingana, lakini bado hujui mnunuzi anataka kipi kibadilike.

Hapa ndipo maana ya tatu inapojitokeza. Huenda `they` ni marobota, yaani singa si za daraja lililoandikwa, lakini `them` ni lebo: mnunuzi yuko tayari kuchukua singa hizo, mradi lebo ziandikwe daraja la kweli ili hati zake zisigombane na mzigo. Wanunuzi hufanya hivyo meli ikiwa karibu na mkataba ukiruhusu, na bei hurekebishwa. Ndiyo sababu hatua ya kwanza ilisema uhesabu kila neno peke yake.

Hatua ya sita: pima gharama ya kukosea, kisha amua

Si kila utata unastahili swali. Tazama hii:

```
The truck broke down at Segera and it delayed the loading.
```

`It` ni lori, au ni kule kuharibika kwa lori? Sarufi inaruhusu yote mawili. Lakini ukichukua hii au ile, unalolifanya ni lilelile: upakiaji umechelewa, unapanga upya vibarua. Kumwuliza mwandishi ni kumpotezea muda. Utata unaohitaji swali ni ule ambao maana mbili zinakupeleka kwenye vitendo viwili tofauti, na kimoja kati ya hivyo ni cha gharama au hakirudi nyuma. Kwenye suala letu, maana moja inaita lori na nyingine inaita mashine ya kuchapa. Uliza.

Kama kuna jambo dogo linalofaa kwa maana zote, lifanye wakati unasubiri jibu. Kuhesabu marobota, kunakili namba zake na kutenga yale ambayo lebo haifanani na singa kutahitajika kwa vyovyote. Kuita lori hakutahitajika kwa vyovyote.

Hatua ya saba: uliza swali ambalo jibu lake haliwezi kuwa tata

Watu wengi wanakosea hapa baada ya kufanya vizuri kote. Swali la kwanza linalowajia ni `What do you mean?`. Halimwonyeshi mwandishi tatizo liko wapi, naye anaona sentensi yake iko wazi, kwa hiyo huirudia vilevile kwa herufi kubwa. La pili ni `Should we replace them?`, ambalo linabeba ugonjwa uleule lililokuja kuutibu. Jibu litakuwa `Yes, please`, na utakuwa pale ulipoanzia.

Hata swali lenye majina kamili lina tundu:

```
Do you want us to replace the bales or the tags?
```

Mtu anayejibu akiwa njiani ataandika `Yes`. Anasoma `Do you want us to replace`, anaona mmeelewa, anajibu. Hii hutokea mara kwa mara, kwa hiyo usimwachie mlango huo. Mpe namba, ukitaja jina la kitu kila mara, na ukimwonyesha kila chaguo litachukua muda gani:

```
Please reply 1, 2 or 3.
1 = Replace the 80 bales. Tags stay. Needs 2 days.
2 = Replace the 80 tags. Bales stay. Needs half a day.
3 = Replace the bales and the tags. Needs 2 days.
```

Maneno mafupi ya "lebo zinabaki" na "marobota yanabaki" ndiyo yenye kazi kubwa hapo. Yanamlazimisha msomaji aone kitu ambacho hakikuguswa, na kama alichokuwa anakitaka ndicho kilichoachwa, atashtuka papo hapo. Muda nao unasaidia: aliyetaka lebo tu akiona siku mbili atajua mmemwelewa vibaya. Wala usione haya kwamba unauliza. Mbele ya mnunuzi, swali la namba tatu linaonyesha ghala linaloelewa mzigo wake.

Tuseme jibu linarudi: `2. The grade on the tags should be UG, not 3L.` Sasa mambo mawili yanajulikana, ni lebo na ni daraja lililoandikwa: singa hazikulingana na lebo, ila kinachobadilika ni lebo. Karani asingelifikia jibu hilo kwa kubahatisha. Akimrudia mzee, aseme kwa jina la kitu kwanza ndipo kiambishi: "Mzee, ni lebo. Lebo ndizo zibadilishwe, marobota yasiguswe."

Dalili kwamba bado mmepishana huja katika meseji inayofuata. Ukiona mwenzako anauliza jambo lisilo na mahali katika picha uliyonayo, kwa mfano anauliza mashine ya kuchapa iko wapi wakati wewe unatafuta lori, simamisha kazi kwanza ndipo ujibu.

`They` ya mtu mmoja

Kuna `they` nyingine inayowapoteza hata walimu. Kiingereza hutumia `they` kwa mtu mmoja ambaye mwandishi hajui au hataki kusema ni mwanamume au mwanamke. Matumizi hayo yapo katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 14, na siku hizi yameenea sana kwenye barua za kikazi. Soma:

```
The driver has called the agent. They will be at the gate tomorrow.
```

Kesho langoni atakuwepo dereva peke yake, wakala peke yake, au wote wawili? Yaweza kuwa yoyote. Mtu wa Tanga atatafsiri "watakuwa langoni" bila kusita, kwa sababu shuleni tulifundishwa kwamba `they` ni wao. Kitenzi hakikuokoi, maana Kiingereza huandika `they are` hata kwa mtu mmoja. Mchujo wa umoja na wingi wa hatua ya pili unavunjika mahali hapa: kwa vitu utumie bila wasiwasi, kwa watu usiutegemee. Tafsiri mara tatu, dereva atakuwa, wakala atakuwa, wote watakuwa, kisha uulize kwa cheo: `Who will be at the gate: the driver, the agent, or both?` Swali linaloanza na `who` halijibiki kwa `yes`.

Ukiwa wewe ndiye unayeandika

Upande wa kuandika una hatari kubwa kuliko wa kusoma, kwa kuwa mwandishi hauoni utata wake mwenyewe. Unapowaza "sili ya kontena imekatika, kwa hiyo tutaibadilisha kesho", ile "i" ya "tutaibadilisha" inalinda maana: ni sili, maana kontena ingekuwa "tutalibadilisha". Ukiigeuza, inatoka hivi:

```
The seal on the container is broken, so we will change it tomorrow.
```

Ile "i" imeanguka njiani. Kilichobaki ni `it`, inayoweza kuwa sili au kontena. Wengi watasoma sili, kwa kuwa ndiyo inayoongoza sentensi. Lakini mteja mwenye wasiwasi akisoma kontena, ataona mzigo wake unashushwa na kupakiwa upya, na atapiga simu usiku. Dawa ni kurudia jina: `so we will change the seal tomorrow`. Mwalimu wa insha huenda alikukataza kurudia neno. Kwenye ujumbe wa kazi, rudia. Hakuna mteja aliyewahi kulalamika kwamba neno `seal` limeonekana mara mbili. Ikiwezekana ongeza namba yake, kwani namba ya sili na namba ya kontena zote huandikwa kwenye hati ya shehena, na namba haina ndugu.

Njia nyingine, kwa pale marudio yanapozidi, ni kuutumia umoja na wingi kama ngeli ya kuazima. Kiingereza kina pengo kati ya `it` na `they`, basi weka kitu kimoja upande huu na kingine upande ule. Badala ya `the labels and the invoices`, ambapo `they` itagongana, andika `the labels and the invoice file`. Kuanzia hapo `they` ni lebo na `it` ni jalada, hakuna ubishi. Lakini epuka `the former` na `the latter`. Zinadai msomaji arudi nyuma kuhesabu kipi kilitangulia, na akiwa anasoma kwenye simu atahesabu vibaya.

Lipo pia kosa letu la kipekee, na hili ni baya zaidi kuliko utata:

```
The cargo is in two containers. They are wet.
```

Aliyeandika aliwaza mizigo, na mizigo ni wingi, akaandika `they`. Lakini kwa Mwingereza `cargo` ni `it`, kwa hiyo `they` haina pa kwenda isipokuwa kwenye makontena. Anaelewa makontena yamelowa kwa nje, mvua ya kawaida ya Tanga, anaendelea na shughuli zake. Kumbe singa zimelowa ndani, na singa zikifungiwa na unyevu huota ukungu na kubadilika rangi. Mwandishi hataulizwa swali lolote, kwa sababu upande wa pili hakuna aliyeona maana mbili. Andika `The fibre inside both containers is wet.`

Kabla ya kutuma ujumbe wenye uzito, mpe mwenzako ofisini ausome, mtu ambaye hukumweleza habari yenyewe. Usimwulize kama ameelewa, atasema ndiyo. Mwambie akuelezee kwa Kiswahili kilichoandikwa, kisha usikilize viambishi vyake: amesema "tutaibadilisha" au "tutalibadilisha"? Akitoa kiambishi tofauti na ulichokiwaza, usimsahihishe yeye. Futa `it`, uandike jina la kitu, ndipo utume.